Kanga ya mshahara wa kwanza: namna ya kuandika maneno ya picha ya zawadi ya mama

Mshahara wa kwanza ukiingia, wengi wetu humkumbuka mama kabla ya kukumbuka madeni. Na kwa watu wa pwani, pamoja na wengi wa bara, mkono ukienda dukani kwa ajili ya mama huangukia doti ya kanga, au leso kama wanavyoiita Mombasa. Mama anapokea, picha inapigwa, halafu mtoto anabaki ameishika simu asijue aandike nini chini yake. Anachoishia kuandika mara nyingi ni maneno yaleyale aliyoyaona kwa wenzake.

Mwongozo huu unahusu picha hiyo moja tu, mama na kanga yake mpya. Nimeichagua kwa sababu kanga ni zawadi inayokuja na maneno yake. Ina pindo pembeni, mji katikati, na jina, yaani ule usemi uliochapwa kwa herufi kubwa juu ya pindo la chini. Kwa hiyo ukiandika kapsheni ya picha ya kanga, unaandika maneno ya pili chini ya maneno ya kwanza. Makosa mengi ya kapsheni za aina hii yanatokana na kulisahau hilo.

Hatua ya kwanza: soma jina kabla ya kutazama rangi

Kapsheni inaanzia dukani. Muuza kanga atakufunulia rangi, nawe utavutiwa na rangi, lakini mwombe afungue hadi uone jina zima. Kuna kanga nzuri sana kwa macho iliyoandikwa NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU. Huwezi kumpelekea mama hiyo hata kama rangi zake zinang'aa namna gani, na hakuna kapsheni itakayoifunika, kwa maana anayeitazama picha atasoma kanga kwanza.

Majina yanayomtaja mama ni mengi, na hayabebi uzito mmoja. Chukua haya mawili yanayofahamika sana. La kwanza ni NANI KAMA MAMA. Hilo ni sifa tupu, halina upande wa pili, na mama anaweza kulivaa msibani, harusini au sokoni bila mtu kujiuliza. La pili ni MAMA NIPE RADHI KUISHI NA WATU KAZI. Nusu yake ya kwanza inafaa kabisa kwa kijana anayeanza kazi, maana anaomba radhi. Lakini nusu ya pili inalalamika juu ya watu. Kanga ni lugha ya mafumbo, na wanaoijua lugha hiyo watauliza fumbo limetupwa kwa nani. Ukiweka picha yenye jina hilo katika mwezi wako wa kwanza kazini, mwenzako wa ofisini au jirani wa mama anaweza kudhani ni yeye anayesemwa. Kama umelipenda jina hilo kwa sababu ya radhi, mpe mama, alivae, lakini kwa picha ya kuwaonyesha watu mimi ningechukua la kwanza.

Kama umemnunulia kitenge, sufuria au simu, hatua hii haikuhusu, na kapsheni yako italazimika kubeba maneno yote peke yake. Hatua nyingine zitakufaa vilevile.

Hatua ya pili: jina lisomeke lote, au lisionekane kabisa

Doti huuzwa ikiwa vipande viwili vilivyounganika, bado haijakatwa wala kupindwa. Ukiikunja ovyo, jina hukatika katikati, na nusu ya jina inaweza kusema kitu kingine. Ile kanga ya dhahabu na adhabu, ikikunjwa baada ya neno la pili, inaonekana kama sifa. Kwa hiyo ikunje kwa upana hadi mstari wote wa jina ukae upande wa juu, kisha mpe mama aishike mbele ya kifua. Akitaka kujifunga, jina hukaa chini karibu na miguu. Hapo rudi nyuma upige umbo zima, la sivyo jina halitakuwemo.

Kosa ambalo watu hulikuta wakiwa wamekwisha kuiweka picha ni la kamera ya mbele. Simu nyingi zinapopiga kwa kamera ya mbele huonyesha picha kama kioo, na baadhi huihifadhi hivyohivyo, herufi zikiwa zimegeuka kinyumenyume. Uso wa mama hautakujulisha, lakini jina la kanga litakujulisha mara moja. Tumia kamera ya nyuma, au mpe mtu mwingine akupigieni nyote wawili. Kama picha imeshageuka, programu ya picha ya simu ina sehemu ya kuhariri ambayo inaweza kuipindua kushoto kwenda kulia.

Mwanga wa dirishani au wa barazani asubuhi unatosha. Ondoa karatasi ya bei. Na mwache mama achague atakavyovaa na atakavyojifunika kichwa, hata kama wewe ulitaka picha ya ghafla akiwa jikoni. Picha ni yake kabla haijawa yako.

Hatua ya tatu: tafuta tendo moja, na liwe linahusiana na zawadi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo ningependa ukae muda mrefu zaidi.

Tuchukue mfano. Binti ameanza kazi katika duka la dawa mjini Tanga, mama yake yuko Pangani. Amemnunulia doti yenye jina NANI KAMA MAMA, amempelekea mwisho wa wiki, na picha ipo. Rasimu yake ya kwanza ni hii:

"Nani kama mama. Wewe ni kila kitu kwangu. Asante kwa kila kitu ulichonifanyia. Bila wewe nisingefika hapa. Sina cha kukulipa."

Hakuna uongo humo. Lakini sentensi ya kwanza tayari iko kwenye kanga, kwa hiyo msomaji anasoma kitu kimoja mara mbili. "Kila kitu" imetokea mara mbili na haijataja hata kitu kimoja. "Nisingefika hapa" haisemi hapa ni wapi. Ukiyaondoa maneno hayo ukayaweka chini ya picha ya mama mwingine yeyote, yatakaa vizuri vilevile, na hicho ndicho kipimo cha kapsheni iliyochoka.

Dawa yake ni kujiuliza swali dogo: mama alifanya nini, siku gani, kwa kutumia kitu gani? Usiulize juu ya upendo wake, uliza juu ya mikono yake. Binti wetu akikaa na swali hilo atapata orodha. Mama alikuwa akiamka alfajiri kukaanga vitumbua vya kuuza. Mama alimsindikiza stendi siku ya kwenda shule. Na alipochaguliwa kwenda shule ya bweni kidato cha kwanza, shuka za kwenye orodha ya mahitaji hazikutosha, mama akachukua doti yake, akakata, akampa kipande kimoja akajifunike, naye akabaki na kingine.

Matendo yote matatu ni ya kweli na mazuri. Lakini moja tu linagusana na kilichomo kwenye picha. Vitumbua vingefaa kama zawadi ingekuwa jiko la gesi. Kwa zawadi ya kanga, tendo ni lile la doti iliyogawanywa, kwa sababu sasa binti anarudisha doti nzima mahali ambapo paliwahi kubaki kipande. Picha na maneno vinakuwa jambo moja. Hahitaji kuongeza kwamba mama alijinyima, maana msomaji anayejua kanga anajua mwanamke hupata taabu gani akibaki na kipande kimoja: hana cha kujitanda akitoka.

Usiyatie matendo yote matatu. Kishawishi ni kikubwa, kwa sababu ukianza kukumbuka, kila kimoja kinadai nafasi. Vitumbua viache viwe vya siku nyingine.

Ukikosa kabisa la kukumbuka, usibuni. Mpigie shangazi, mama mdogo au ndugu yako mkubwa umuulize, "Mama alikuwa akifanya nini nilipokuwa mdogo ambacho mimi sikijui?" Watu hao wanakumbuka mambo ambayo mama mwenyewe hatakutajia.

Hatua ya nne: jihadhari na "peke yake"

Furaha ya mshahara hufanya mtu aandike "mama ndiye aliyenisomesha" au "mama alinilea peke yake". Kabla ya kuandika hivyo, hesabu watu watakaosoma. Katika mfano wetu ada ya bweni ililipwa na kaka mkubwa, aliyekuwa akivua samaki. Baba naye yupo, hata kama hana maneno mengi. Sentensi moja ya kumsifu mama inaweza kumfuta kaka mbele ya ukoo wote, na kaka hatasema kitu, atanyamaza tu.

Suluhisho si kumtaja kila mtu, kwa kuwa kapsheni itageuka kuwa hotuba ya shukrani. Suluhisho ni kubaki kwenye lile tendo moja. "Ulinipa kipande cha doti yako" ni jambo alilofanya mama, na halimnyang'anyi mtu mwingine sifa yake. Kama kweli mama alilea peke yake na kila mtu analijua hilo, liandike bila woga, lakini lisiwe kombora la kumrushia baba. Siku ya kanga ya mama isibebe ugomvi.

Hatua ya tano: amua unaongea na nani

Kapsheni nyingi huanza kwa "mama yangu alinilea" na kuishia kwa "nakupenda sana". Mwanzo anasimuliwa mama, mwisho anasemeshwa mama, na msomaji anachanganyikiwa amesimama upande gani. Chagua moja.

Ukiongea naye moja kwa moja, anza kama ungeanza mlangoni kwake: "Shikamoo Mama." Maneno hayo mawili yanaweka adabu yote mahali pake, na baada yake unaweza kusema kwa lugha nyepesi bila kuonekana umemvunjia heshima. Njia hii inafaa kama mama ataisoma kapsheni au atasomewa. Mama wa Pangani ana kitochi, lakini mjukuu aliye naye nyumbani ana simu kubwa na atamsomea, kwa hiyo binti wetu atamsemesha.

Ukiwa na hakika kwamba hayatamfikia kamwe, msimulie: "Mama alinipa kipande cha doti yake." Kumsemesha mtu asiyesikia, mbele ya hadhira, kunawafanya wasomaji wajione wanasikiliza barua isiyotumwa.

Kwa mama aliyefariki, na zawadi ikaenda kwa bibi au mama mdogo aliyekulea, msimulie marehemu na umsemeshe aliye hai. Wengine hufanya kinyume na maneno yanakuwa mazito mno kwa aliyepokea kanga.

Hatua ya sita: panga mstari wa kwanza

Instagram inapokea kapsheni ndefu, hadi herufi 2,200, lakini anayepita huona takriban herufi 125 za mwanzo tu, mengine hufichwa mpaka aguse. Kwa hiyo tendo na zawadi viwe ndani ya hizo. Ukifungua kwa dua ndefu au kwa mstari wa vikaragosi, kilichobaki hakitaonekana na wengi.

Rasimu ya pili ya binti wetu ilikuwa hivi: "Shikamoo Mama. Nakumbuka mwaka ule nilipochaguliwa kwenda shule ya bweni ukakata doti yako ukanipa kipande kimoja ili kiwe shuka yangu, na leo Mungu amejalia nimepata mshahara wangu wa kwanza nimekuletea doti nzima." Ni nzuri, ila doti nzima, ambayo ndiyo zawadi yenyewe, imeangukia sehemu iliyofichwa. Akapunguza:

"Shikamoo Mama. Nilipokwenda bweni ulinipa kipande cha doti yako kiwe shuka. Kwa mshahara wa kwanza nimekuletea doti nzima."

Hizo ni herufi 122 ukihesabu na nafasi. "Nakumbuka" imeondoka kwa sababu kusimulia tayari ni kukumbuka. "Mungu amejalia" haikutupwa, imehamia chini. Chini yake, baada ya kuruka mstari, anaongeza:

"Kile kipande kimechakaa lakini ninacho. Mungu amejalia kazi, naomba radhi yako niifanye vizuri."

Na hapo imekwisha. Kanga imesema nani kama mama, kapsheni imesema kwa nini, na radhi imeombwa kwa maneno yake mwenyewe bila kuazima fumbo la kanga nyingine. Mwislamu atatia Alhamdulillah mahali pa "Mungu amejalia" akipenda, Mkristo atatia utukufu kwa Mungu. Shukrani hizo zikae na habari ya kazi, kwa sababu ndiyo inayoshukuriwa. Ukitaka alama ya reli, weka moja au mbili mwishoni kabisa.

Kwa WhatsApp, ambako picha ya hali hudumu saa 24 na wanaoitazama ni watu unaowafahamu, mstari wa kwanza peke yake unatosha.

Instagram na Facebook zina pia sehemu ya kueleza picha kwa ajili ya wasioona, ambao simu huwasomea. Kwa picha ya kanga sehemu hiyo ni muhimu kuliko picha nyingine, kwani bila hiyo hawatalipata jina. Andika kwa ufupi: "Mama ameshika doti mpya ya kanga nyekundu na nyeusi, jina lake Nani kama mama."

Hatua ya saba: fedha zisisemwe

Usitaje kiasi cha mshahara wala bei ya doti. Picha ya slipu ya mshahara usiweke hata ukiifunika nusu, kwa maana ina jina lako kamili, na kwa mtumishi wa serikali ina cheki namba. Picha ya ujumbe wa M-Pesa, ambayo wengi huiweka walipomtumia mama hela, ni mbaya zaidi, kwa kuwa inaonyesha jina la mama, namba yake ya simu na mara nyingi salio lako. Kwa taarifa kama hizo tapeli anaweza kumpigia mama akijifanya mhudumu wa mtandao, na akamwamini kwa sababu anataja kiasi na saa sahihi.

Vilevile epuka "mshahara wangu wote wa kwanza nimempa mama" kama si kweli. Wafanyakazi wenzako wanajua makato, na wanajua kwamba aliyeajiriwa katikati ya mwezi hupata nusu. Ndugu nao wakisoma kwamba umegawa mshahara mzima, watakuona una uwezo, na mizinga itaanza kabla ya mwezi wa pili kuisha. "Kwa mshahara wa kwanza nimekuletea" ni kweli tupu na haifungui mlango huo.

Hatua ya mwisho: msomee

Kabla ya kubonyeza, mpigie mama umsomee maneno yote kama yalivyo, kisha nyamaza usikilize. Akicheka au akinyamaza kwa namna unayoijua, endelea. Akisema, "Hilo la shuka liache," liache. Kwako kipande cha doti ni ushahidi wa mapenzi, lakini kwake kinaweza kuwa ukumbusho wa mwaka wa dhiki ambao hataki majirani waukumbuke. Usimbishie kwamba ni jambo la kujivunia. Chagua tendo jingine kutoka kwenye orodha yako, hata kama haligusani na kanga vizuri vilevile, au andika sentensi moja ya zawadi na radhi tu.

Muulize pia kama anakubali picha ionekane na watu wote au ndugu pekee. Akisema ndugu pekee, iweke kwenye kundi la familia na hali ya WhatsApp uliyowachagulia watazamaji.

Ikishakwenda, ifungue kwa simu ya mtu mwingine uone mambo mawili: jina la kanga linasomeka bila kukuza picha, na neno "nzima" linaonekana bila kugusa. Kama halionekani, hariri kapsheni, punguza maneno mawili matatu. Maoni yatakayokuja mengi yatakuwa ya pongezi, na "asante, amepokea salamu" inatosha kuyajibu. Wachache watauliza doti hiyo umenunua wapi na kwa shilingi ngapi. Wa kwanza mtajie duka. Kwa bei, mwambie aulize dukani, kwani hata mama hajaambiwa.